Mwacheni Mpiga Besi Apande Juu

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwasikiliza vijana wanaopiga roki kwenye ukumbi mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, na hasira niliyorudi nayo mpaka leo haijapoa. Katikati ya wimbo, mpiga besi alipandisha mkono juu ya shingo la gitaa, akawa anajibizana na mwimbaji kwa zile nyuzi mbili nyembamba. Fundi mitambo akamkatia sauti palepale. Nilipomfuata baadaye kumuuliza, akasema, "Kaka, kazi ya besi ni kushika chini. Akitaka solo ashike gitaa la solo."

Wanaofikiri hivyo ni wengi, na ndiyo maana roki yetu inasikika kama imepigwa kwa mkono mmoja.

Aliyeimba kwaya atanielewa haraka. Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja; chukua nne za kawaida: C, G, Am, F. Mpiga besi wa "kushika chini" atapiga noti ya msingi ya kila kodi: do, sol, la, fa. Ni sahihi kabisa, ila besi inarukaruka. Sasa ikifika G, apige ti badala ya sol. Ti imo ndani ya G tayari, na mpiga gitaa hajahamisha hata kidole. Lakini besi sasa inashuka do, ti, la, kisha fa, na hiyo tayari ni tuni ambayo mtu anaweza kuiimba njiani akirudi nyumbani. Tena ile G haitulii. Inaegemea mbele, inakudai kodi inayofuata.

Nenda hatua moja zaidi. Gitaa linapiga do, mi, sol, kodi ya furaha. Besi ikiweka la chini yake, msikilizaji hasikii tena C, anasikia Am yenye noti moja ya ziada, na furaha imegeuka huzuni. Gitaa halijafanya lolote. Kwa hiyo anayeamua kodi ni ipi ni mpiga besi, na mtu mwenye mamlaka hayo hawezi kuambiwa akae kimya kwenye noti moja. Paul McCartney alilielewa hili mapema. Kwenye albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper, nyimbo nyingi besi yake ilirekodiwa mwishoni, vyombo vingine vikishaingia, ili aisikie nafasi iliyobaki na kuitungia tuni yake.

Ila anayenigusa zaidi ni Peter Hook, mpiga besi wa bendi ya roki ya Uingereza, Joy Division. Mwenzake, Bernard Sumner, alikuwa anapiga gitaa kwa sauti kubwa, na amplifaya ya Hook ilikuwa ya bei nafuu. Akipiga nyuzi nene hajisikii. Akapanda juu, huko akajisikia. Mwimbaji wao, Ian Curtis, akaipenda sauti hiyo na kumhimiza aendelee nayo. Sikiliza "Love Will Tear Us Apart" ya 1980: anayebeba tuni ni besi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba fundi mitambo ana hoja moja. Besi ikipanda, chini panabaki wazi. Dalili zake si ngumu kuzijua: ngoma kubwa inasikika iko peke yake, gitaa linakuwa kali masikioni, na waliokuwa wanacheza wanapunguza mwendo bila kujua kwa nini. Dawa ni kuupiga uzi mtupu wa chini kwenye mpigo wa kwanza, kuuacha uvume, halafu kupanda. Nyuzi tupu ni E, A, D na G, kwa hiyo mbinu hii inakubali vizuri kwenye funguo hizo. Wimbo ukiwa kwenye B bemoli haikusaidii. Hapo mpiga besi ashuke mwimbaji anapoimba, apande mwimbaji anapovuta pumzi.

Lakini kosa la ule usiku lilianza hata kabla ya kukata sauti. Kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, besi ilikuwa imeongezwa chini na kuondolewa katikati. Uzi wa E mtupu unatetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo za kumbi zetu haziufikishi mtetemo huo. Zinatoa mngurumo tu. Uzi wa G, ukiubana katikati ya urefu wake, unatetema mara 196, na ung'avu wa noti hiyo unakaa juu zaidi, kwenye mamia kadhaa mpaka elfu moja hivi. Huko ndiko fundi alikokuwa amepunguza. Kijana alikuwa anaimba kwa vidole na mitambo ilikuwa imeshamziba mdomo.

Wanaoandaa maonyesho msimu huu wa korosho, nawaomba: siku ya kujaribu vyombo, mwambieni mpiga besi apige juu kabisa, peke yake, kisha rudisheni ile sauti ya katikati taratibu mpaka kila noti isikike mlangoni. Halafu bendi yote iingie.