Stringi isiyobadilika na gharama iliyojificha ndani ya kitanzi

"Programu yangu ya Java inakusanya mistari ya ripoti. Mistari 1,000 inaisha papo hapo, 10,000 inavumilika, 100,000 nimeenda kunywa chai nikarudi bado inazunguka. Kwa nini Java isituruhusu tu kuongeza herufi mwishoni mwa stringi ileile?"

Msimbo ambao muulizaji huyu aliniletea ni huu:

```java
String ripoti = "";
for (String mstari : mistari) {
    ripoti += mstari + "\n";
}
```

Ukiusoma `+=` kwa jicho la haraka, unadhani unaongeza kikombe cha maji kwenye ndoo. Kinachotokea ni kwamba kila mzunguko unaleta ndoo mpya kubwa kidogo, maji yote ya ndoo ya zamani yanamiminwa humo, ndipo kikombe kinaongezwa, na ndoo ya zamani inatupwa. Stringi ya Java haibadiliki ikishaundwa, kwa hiyo hakuna njia nyingine ya kuirefusha ila kuunda nyingine na kunakili kila herufi.

Tupige hesabu. Tuseme kila mstari una herufi 40, pamoja na ile ya kuanzisha mstari mpya. Mzunguko wa kwanza unaandika herufi 40, wa pili 80, wa tatu 120, na wa mwisho milioni 4. Ukijumlisha yote unapata 40 × 100,000 × 100,001 ÷ 2, yaani takriban bilioni 200. Ripoti yenyewe ina herufi milioni 4 tu, kwa hiyo kila herufi imenakiliwa mara 50,000 kwa wastani. Kwa mistari 1,000 jumla ni kama milioni 20, kazi ambayo kompyuta haiihisi, na ndiyo maana kosa hili hupita majaribio yote na kujitokeza siku data halisi inapoingia. Kulitambua ni rahisi: ongeza data maradufu, upime muda. Muda ukiongezeka mara mbili, uko salama. Ukiongezeka mara nne, tafuta kitanzi kinachonakili.

Sasa lalamiko lake. Je, walioamua hivi walikosea? Mimi nasema hapana, na sababu iliyo nzito kuliko zote inaonekana ndani ya `HashMap`, muundo wa Java unaohifadhi vitu kwa funguo.

Unapohifadhi kitu kwa ufunguo "Mwanza", Java inapiga hesabu juu ya herufi hizo, inapata namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua kitu kiwekwe kwenye chumba kipi. Fikiria sasa kwamba sehemu nyingine ya programu inashika stringi hiyohiyo na inaweza kuigeuza iwe "Mbeya". Ukitafuta "Mbeya", hesabu inakupeleka chumba kingine, hukuti kitu. Ukitafuta "Mwanza", unafika chumba sahihi, lakini ufunguo uliomo sasa unasomeka "Mbeya", kwa hiyo unaambiwa hakipo. Kitu kipo kwenye kumbukumbu na hakuna jina litakalokitoa. Hakuna ujumbe wa kosa wala programu haianguki. Mteja tu anaambiwa hana akaunti. Kosa la namna hiyo linaweza kukulia wiki nzima, ilhali kitanzi cha polepole unakipata kwa saa moja.

Kuna na suala la usalama. Programu inakagua kwamba jina la faili liko ndani ya saraka inayoruhusiwa, kisha inalifungua. Kama uzi mwingine wa programu ungeweza kubadilisha herufi za jina hilo baada ya ukaguzi na kabla ya kufungua, ukaguzi usingekuwa na maana. Stringi isiyobadilika inaziba mwanya huo bila wewe kufanya lolote, na nyuzi nyingi zinaweza kuisoma kwa pamoja bila kufuli.

Upande wa pili nao una hoja, na si ya kasi peke yake. Nywila ukiiweka kwenye `String` huwezi kuifuta. Inabaki kwenye kumbukumbu mpaka mkusanya taka wa Java, anayefuta vitu visivyotumika tena, apite, na hujui atapita lini. Ndiyo sababu `getPassword` ya `JPasswordField` inarudisha `char[]`, safu ya herufi unayoweza kuijaza sifuri ukimaliza. Hapo waundaji wa Java wenyewe walikubali kwamba kutobadilika kuna mahali hakufai.

Ruby ilichagua njia ile nyingine: stringi zake hubadilika, na `<<` huongeza herufi palepale bila kitanzi kulemewa. Lakini angalia kilichofuata. Ukitumia stringi ya kawaida kama ufunguo wa `Hash`, Ruby inachukua nakala yake na kuigandisha, kwa sababu ya tatizo lilelile la Mwanza na Mbeya. Halafu toleo la 2.3 likaleta agizo la `# frozen_string_literal: true` la kugandisha stringi zilizoandikwa ndani ya faili. Lugha iliyoanza na uhuru imejikuta inajenga uzio kidogo kidogo, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ya nadharia.

Java yenyewe haikumnyima muulizaji kitu anachokitaka. Imekiweka chini ya jina jingine:

```java
StringBuilder sb = new StringBuilder();
for (String mstari : mistari) {
    sb.append(mstari).append('\n');
}
String ripoti = sb.toString();
```

`StringBuilder` inaanza na nafasi ya herufi 16. Ikijaa, inachukua nafasi takriban maradufu: 34, kisha 70, na kuendelea. Inanakili pia, lakini mara chache, na kwa kuwa kila upanuzi ni maradufu ya uliopita, jumla ya kunakili kwa ajili ya kupanua haifiki mara mbili ya urefu wa ripoti. Kwa ripoti yetu ni chini ya herufi milioni 8, na `toString` inaongeza nakala moja ya mwisho. Linganisha na bilioni 200.

Ninacholaumu mimi ni alama ya `+=`. Inaonekana sawa kabisa na ile ya namba, ilhali gharama yake inakua kila mzunguko. Kwenye Python mambo yamefichika zaidi, kwa sababu CPython, ile Python ya kawaida inayotumiwa na wengi, ina ujanja: ikiona kwamba stringi inashikwa na kigeu kimoja tu, inairefusha palepale. Kwa hiyo `matini += mstari` ndani ya funksheni mara nyingi hukimbia vizuri, na mtu anaamini amepona. Siku akihamishia msimbo uleule kwenye klasi na kuandika `self.matini += mstari`, ujanja haufanyi kazi tena na kunakili kunarudi kwa nguvu zote. PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa msimbo wa Python, inakataza kuutegemea ujanja huo. Weka vipande kwenye orodha, kisha uviunganishe mara moja:

```python
ripoti = "\n".join(mistari)
```

`join` inajumlisha kwanza urefu wa vipande vyote, inaomba nafasi moja inayotosha, na kunakili kila herufi mara moja.

Haya yote hayakuhusu unapounganisha jina la kwanza, nafasi na jina la ukoo. Usemi mmoja kama `a + " " + b` kompaila ya Java inaushughulikia kwa pamoja, na ukiuandika kwa `StringBuilder` unapata msimbo mrefu usiokuongezea kasi yoyote ya maana. Kinachopaswa kukushtua ni stringi iliyozaliwa nje ya kitanzi na inayorefushwa ndani yake.