Laini ya Ford: bei ilishuka, lakini mwendo wa kazi ulikwenda kwa nani?

Mwaka 1909 gari la Ford la Model T, lile la wazi la abiria, liliuzwa dola 950. Kufikia Oktoba 1912 lilikuwa dola 600. Wengi wanaoisifu laini ya kuunganishia magari, yaani mpangilio ambao gari husogezwa kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi mwingine, hukiruka kipande hiki cha historia, kwa sababu mwaka huo hapakuwa na laini yoyote inayotembea katika kiwanda cha Ford pale Highland Park, Michigan. Gari lilikuwa bado linaunganishwa likiwa limesimama, na mafundi ndio waliolizunguka.

Kilichoshusha bei mwanzoni ni mambo mengine. Henry Ford, mwenye kampuni, alikuwa ameamua kutengeneza gari la aina moja tu, hivyo aliweza kununua mashine ghali zilizofanya kazi moja maisha yao yote. Mojawapo ilitoboa matundu 45 kwenye bloku ya injini, pande nne kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa kila bloku ilitoka sawa na nyenzake, spea ziliingia mahali pake bila fundi kukaa na tupa akizipunguza hadi zikubali. Mashine nazo zilipangwa kwa kufuata hatua za kazi, si kwa aina yake. Bila msingi huo laini isingewezekana hata kidogo: mahali ambapo kila spea inahitaji kurekebishwa kwa mkono, hakuna anayeweza kusema kazi itachukua dakika ngapi.

Laini yenyewe ilianza na kifaa kidogo. Magineto ya flaiwili, inayotoa cheche za injini, ilikuwa ikiunganishwa na mfanyakazi mmoja mwanzo hadi mwisho, na ilimchukua kama dakika 20. Mnamo Aprili 1913 kazi hiyo iligawanywa hatua 29 na watu wakapangwa kandokando ya meza ndefu, kila mmoja akifanya hatua yake na kumsogezea mwenzake. Muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Mwaka uliofuata meza iliinuliwa kama sentimita 20 ili watu wasiiname, muda ukawa dakika 7. Baadaye, baada ya mnyororo kufungwa na kuanza kusogeza kazi wenyewe, ukafika dakika 5.

Hizo hatua tatu hazifanani. Kugawanya kazi kulipunguza muda. Kuinua meza kulipunguza muda na pia kuliuokoa mgongo wa mfanyakazi. Mnyororo ni jambo jingine kabisa: kabla yake aliye mwepesi alimsubiri aliye mzito, na kila mmoja alikuwa na sekunde chache za kupumua. Mnyororo ulizichukua sekunde hizo, na tangu hapo mwendo uliamuliwa na aliyeshika swichi.

Agosti 1913 jaribio lilihamia kwenye chasisi. Kuunganisha chasisi moja ikiwa imesimama kulichukua wastani wa saa 12 na dakika 28. Walifunga kamba na winchi, wakaiburuta chasisi kwenye sakafu ya urefu wa kama mita 76, huku mafundi sita wakitembea nayo na kuokota spea zilizolundikwa njiani. Ikawa saa 5 na dakika 50. Mwaka 1914, watu wakiwa wamesimama mahali pao na mnyororo ukivuta, ilichukua saa 1 na dakika 33.

Manufaa ya hapo ni makubwa, na sioni haki kuyapuuza. Agosti 1916 bei ilikuwa dola 360. Tuipime kwa jasho la mfanyakazi mwenyewe: mwaka 1913 gari lilikuwa dola 550 na ujira wa kawaida pale kiwandani ulikuwa kama dola 2.34 kwa siku, maana yake siku 235 za kazi. Mwaka 1916, kwa aliyelipwa dola 5 kwa siku, gari lile lile lilikuwa siku 72. Mtu aliyetengeneza gari alianza kuweza kulinunua.

Ila hizo dola 5 zilitoka wapi? Si huruma. Mwaka 1913, laini ilipoenea kiwandani, wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba ili kubaki na watu kama 14,000, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka mmoja. Watu waliingia, wakauonja mnyororo, wakaondoka. Detroit, jiji linalopakana na Highland Park, ilikuwa na viwanda vingine, na fundi aliyejua kazi yake hakuona sababu ya kukaza nati ile ile kutwa nzima. Tangazo la Januari 1914 la dola 5 kwa siku ya saa 8 lilikuja kuwazuia, na lilifaulu. Idadi ya walioacha kazi ilishuka mno kufikia 1915. Ndiyo maana naona kosa kuutaja ujira huo kama zawadi ya laini. Ulikuwa malipo ya kitu ambacho wafanyakazi walikuwa tayari wamekataa kukitoa kwa dola 2.34.

Na haukutolewa wote bila masharti. Karibu nusu yake ilihesabiwa kuwa mgawo wa faida, na ili kuupata ulipaswa kuonekana unaishi vizuri. Kampuni ilianzisha idara maalumu, na maofisa wake waliingia majumbani kuuliza kuhusu akiba, pombe, usafi na wapangaji. Mwanzoni wanawake hawakuhesabiwa kabisa.

Upande wa wanaoitetea laini una hoja moja ambayo huwa naipa uzito kuliko hata ya bei. Wengi pale Highland Park walikuwa wahamiaji, wengine hawakijui Kiingereza na hawakuwahi kushika spana. Ford aliandika mwaka 1922 kwamba asilimia 43 ya kazi zake hazikuhitaji zaidi ya siku moja ya kujifunza. Kwa mkulima aliyetoka kijijini Poland, huo ulikuwa mlango wa ujira mzuri ambao mfumo wa mafundi ungemfungia kwa miaka ya uanagenzi. Kiwanda kiliajiri pia watu wengi wenye ulemavu, kwa sababu kazi iliyogawanywa mno haidai mwili mzima.

Shida ni kwamba takwimu hiyo hiyo ina makali pande zote mbili. Kazi inayojifunzwa kwa siku moja inaweza kupewa mtu mwingine kesho. Fundi wa zamani alikuwa na ujuzi wa kumtetea mbele ya msimamizi. Mtu wa laini alibaki na dola zake 5 tu, nazo zililiwa na mfumuko wa bei wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, hata mwaka 1919 zikapandishwa kuwa 6. Dhidi ya mwendo wa mnyororo hakuwa na kinga hata hiyo.

Kwa hiyo nikigawa sifa na lawama: kushuka kwa bei ni kazi ya mashine, ya gari la aina moja na ya laini kwa pamoja, na kulikuwa kumeanza kabla ya laini. Kuhama kwa mamlaka juu ya mwendo ni matokeo ya laini peke yake. Na hilo halikuwa sharti la kiufundi, kwa kuwa mnyororo unaweza kuendeshwa polepole kama unavyoweza kuendeshwa haraka. Wafanyakazi wa General Motors, kampuni ya magari iliyoshindana na Ford, walilijua hilo walipokaa chini kandokando ya mashine zao mjini Flint mwishoni mwa Desemba 1936 na kugoma kutoka. Miongoni mwa madai yao manane, mbali na kutambuliwa kwa chama chao, lilikuwamo la kushirikishwa katika kuamua kasi ya laini. Februari 1937 kampuni ilikitambua chama. Kasi ilibaki mikononi mwa uongozi.