Nani Ameshika Ufunguo? Utumwa, Kasta na Tabaka

Vitabu vya sosholojia wanavyosoma vijana wetu vina jedwali moja lisilobadilika. Upande huu utumwa, kasta, yaani makundi ya India ambayo mtu huzaliwa ndani yake, na daraja za ukabaila wa Ulaya, zote zikiitwa mifumo iliyofungwa. Upande ule tabaka, linaloitwa mfumo wa wazi kwa kuwa mtu anaweza kupanda au kushuka. Jedwali halisemi uongo, ila linaficha jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mifumo ile mitatu haikufungwa kwa namna moja. Kila mmoja ulikuwa na mshika ufunguo wake, na usipomjua huyo hutaelewa kwa nini utumwa uliweza kufutwa kwa amri ilhali kasta imeshindikana.

Nitaanza na Zanzibar, maana huko mambo yanaonekana wazi.

Katika utumwa wa pwani, mwenye ufunguo alikuwa bwana. Sheria ya Kiislamu ilimruhusu kumwacha huru mtumwa wake, na akishamwacha hakuna jirani wala ukoo wenye haki ya kupinga. Suria akimzalia bwana wake, na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo alikuwa huru tangu kuzaliwa na alirithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa. Mama naye aliachwa huru bwana akifa. Jambo hili halikuishia pembeni mwa jamii. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Majid aliyemrithi Unguja na Barghash aliyemfuata mwaka 1870 walikuwa wote wana wa masuria. Mama yake Barghash alitoka Uhabeshi. Kiti cha enzi cha dola iliyotajirika kwa karafuu na biashara ya watumwa kilikaliwa na mtoto wa mwanamke aliyekuwa mali ya baba yake.

Sisemi hivi kuupamba utumwa. Mlango ulikuwepo, lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu aliyeweza pia kukuuza, na suria hakuulizwa kama anataka kupitia mlango huo. Ninachosema ni kwamba mamlaka yaliyomfunga mtu yalikuwa ya mtu mmoja anayejulikana, na mamlaka ya namna hiyo dola yenye nguvu zaidi inaweza kuyanyang'anya.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyofuta hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Amri hiyo inafaa kusomwa polepole. Mtumwa hakuwa huru kwa kuwa amri imetoka, bali alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Fidia alilipwa bwana. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya haki hiyo, isipokuwa aliyeweza kulalamikia ukatili, na ilibidi wangoje amri nyingine ya mwaka 1909.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtu wa shamba la mikarafuu. Kwa desturi ulimfanyia bwana kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa ulilima muhogo wako katika kipande alichokupa. Ukienda mahakamani unapata uhuru na unaweza kupoteza kipande. Ardhi ni ya bwana, mikarafuu ni ya bwana, na mahakama inakuuliza utakaa wapi. Haishangazi kwamba wengi hawakwenda kabisa. Baadhi waliondoka kimyakimya wakaelekea mjini. Wengine walibaki pale pale wakiwa maskwota, wanapalilia chini ya mikarafuu na kuruhusiwa kupanda muhogo, lakini si mnazi wala mkarafuu, kwa sababu mti wa kudumu ulikuwa ushahidi wa umiliki.

Hapo ndipo tabaka lilipozaliwa, na lilizaliwa ndani ya utumwa wenyewe. Uhusiano wa bwana na mtumwa ukageuka kuwa wa mwenye shamba na maskwota, huku watu wakiwa wale wale, chini ya miti ile ile. Kwenye karatasi mfumo ulikuwa umefunguliwa. Hakuna sheria tena iliyomzuia maskwota kununua shamba. Alichokosa ni fedha, na fedha zilitokana na karafuu, na karafuu zilitokana na shamba. Katika tabaka ufunguo hauna mwenyewe, una bei tu.

Kasta ya India ni habari nyingine. Huko hakuna bwana wa kukuandikia hati. Mtu wa kasta ya chini si mali ya fulani, kwa hiyo hakuna fulani wa kumwacha huru wala wa kulipwa fidia. Ufunguo umegawanywa kwa kila familia inayoamua nani aingie jikoni na nani aoe binti yao. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa katika kasta ya Mahar waliohesabiwa hawagusiki, alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, kisha mwaka 1917 akaenda kufanya kazi katika serikali ya Baroda, moja ya dola za kifalme ndani ya India. Msomi yule hakupata mahali pa kulala. Alijificha kwa jina la Kiparsi, yaani la jamii yenye asili ya Uajemi, katika nyumba yao ya wageni, akagunduliwa na kufukuzwa. Baadaye aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba, na Ibara ya 17 ya katiba hiyo iliyoanza kutumika mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu kuwa hagusiki. Desturi ile ilipigwa marufuku, ila kasta yenyewe haikufutwa, kwa sababu hakuna pa kuishika. Mwaka 1956 Ambedkar aliona ni heri atoke kwenye dini yenyewe ya Kihindu, akawa Mbudha pamoja na maelfu ya wenzake.

Daraja za Ufaransa sina mengi ya kusema juu yake. Mwenye ufunguo alikuwa mfalme, naye aliuuza: tajiri aliweza kununua cheo cha serikali kilichomfanya kabaila. Ndiyo maana mkutano mmoja wa Bunge, Juni 1790, ulitosha kufuta ukabaila wa kurithi.

Nikirudi Zanzibar, lipo eneo moja ambamo utumwa ulifanana na kasta, nalo ni ndoa. Mwungwana aliweza kuoa mwanamke wa asili ya utumwa, lakini walii wa binti wa kiungwana alikuwa na hoja ya ukufu, yaani kulingana kwa hadhi na nasaba, ya kumkataa mume wa asili hiyo hata awe tajiri. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya watumwa na kuuza vyungu mjini, alifika kuimba mbele ya wakubwa wa Unguja, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Fedha na jina alivipata. Bado wabaya wake walimkumbusha shamba na kaniki, vazi la watumwa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalitaifisha mashamba na kugawa eka tatu tatu, jambo ambalo amri ya 1897 haikuthubutu, nami naliona la haki. Kisha mwaka 1970 baadhi ya watawala wakataka kuvunja na mlango wa ndoa kwa nguvu: mabinti wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa wakubwa bila ridhaa yao wala ya wazazi. Wakati ule wasichana hao walitendewa kile kile walichotendewa masuria.