Skrini ya wima na rangi pembeni mwa herufi

"Nimeisimamisha monita yangu ya inchi 24 nisomee na kuandikia programu. Sasa kila herufi ina rangi pembeni, nyekundu huku, buluu kule. Niirudishe ilivyokuwa?"

Iache kwanza. Monita ni nzima. Kinachokosea ni namna kompyuta inavyochora herufi.

Kila pikseli ya skrini ya kawaida ya LCD ina vipande vitatu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu: nyekundu, kijani, buluu. ClearType ya Windows, na mbinu ya aina hiyo kwenye Linux, huwasha vipande hivyo kimoja kimoja ili ukingo wa herufi uweze kuishia kwenye theluthi ya pikseli. Skrini ikiwa imelala, jicho haligundui rangi, linaona herufi kali tu. Ukiisimamisha, vipande vinapandana juu na chini, lakini kompyuta bado inachora kana kwamba viko ubavuni. Hapo ujanja umekosa mahali pa kukaa, na rangi zinajitokeza.

Piga picha ya skrini, ikuze mara nane, tazama herufi "l" nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Ukiona wekundu kushoto na ubuluu kulia, mbinu hiyo ndiyo inayofanya kazi. Picha ikiwa na kijivu kitupu ilhali macho yako bado yanaona rangi, basi achana na fonti: angalia waya na mipangilio ya monita, hasa kama ni televisheni iliyounganishwa kwa HDMI, maana nyingi hupunguza taarifa za rangi kabla ya kuonyesha picha.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuiambia kompyuta ukweli kuhusu vipande. Kwenye GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface font-antialiasing 'rgba'
gsettings set org.gnome.desktop.interface font-rgba-order 'vrgb'
```

Ikiwa ubavu uliokuwa kushoto sasa uko juu, ni `vrgb`. Ukiwa chini, ni `vbgr`. Windows haina chaguo hilo: ClearType inajua mpangilio wa kulala tu.

Kwa maelezo dawa hii ndiyo sahihi, lakini binafsi sioni faida yake ikilingana na usumbufu. Herufi zetu zimejaa mistari iliyosimama, kama ile ya "m", "n" na "l", na mistari hiyo inahitaji usahihi wa kushoto na kulia. `vrgb` inaongeza usahihi wa juu na chini, ambako mpangilio wa kawaida wa fonti kwenye Linux tayari unaisogeza mistari iendane na pikseli. Tena mpangilio huu unahusu skrini zote kwa pamoja. Mwenye skrini mbili, moja imelala na nyingine imesimama, akiitibu hii anaiumiza ile. Programu zilizojengwa kwa maktaba ya GTK 4 nazo hazitumii vipande hivyo kabisa.

Dawa ya pili ni kuzima rangi na kulainisha kingo kwa kijivu: badala ya `'rgba'` hapo juu, andika `'grayscale'`. Kwenye Windows, fungua ClearType Text Tuner, ondoa tiki kwenye "Turn on ClearType", kisha hakikisha "Smooth edges of screen fonts" bado ina tiki ndani ya Performance Options. Bila hiyo herufi zinakuwa na meno kama msumeno.

Gharama ipo, na kwenye skrini kama yako inaonekana. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban pikseli 92 kwa inchi, kwa hiyo kijivu kinaacha herufi ndogo zikiwa na ukungu kidogo. Mimi niliongeza fonti kutoka pikseli 14 hadi 15, ukungu ukaacha kunisumbua. Kwenye skrini ya 4K ya ukubwa huohuo tofauti ni ya kutafuta kwa tochi. Apple waliziondoa rangi hizo kwenye mipangilio ya kawaida ya mfumo katika macOS Mojave ya 2018, na wenye skrini za pikseli chache walilalamika kweli.

Je, inafaa kulipa gharama hiyo? Kwa faili ndefu, naona inafaa. Kwa mistari ya pikseli 20, skrini iliyolala inabeba mistari 54 hata kabla ya kutoa nafasi ya menyu. Iliyosimama inabeba 96. Upana ndio unaobana: kwa fonti ya pikseli 15 unapata herufi kama 120 kwa mstari, na orodha ya faili ya pikseli 300 ikifunguka zinabaki 86 hivi. Anayependa kulinganisha faili mbili ubavu kwa ubavu atachoka siku ya kwanza.

Kuna hali moja tu ambayo ningekwambia uilaze leo hii: kama kioo ni cha TN. Hicho hubadilika rangi ukikitazama kutoka juu au chini, na kikisimama, juu na chini vinakuwa kushoto na kulia. Jicho moja linaona nyeupe, jingine linaona nyeupe iliyofifia, na hakuna mpangilio wa fonti utakaoliondoa hilo.