Huntha na transjenda: kwa nini tusiwachanganye

"Huntha na transjenda si ni watu walewale tu, mmewapa majina mawili?"

Mzazi mmoja aliniuliza hivyo baada ya kikao cha shule huku Eastlands, na waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa. Jibu ni hapana. Huntha ni mtu anayezaliwa na viungo, kromosomu au homoni za jinsia zisizofuata kikamilifu mpangilio wa kike au wa kiume, na ili kuiona tofauti vizuri inafaa tuanzie wodi ya kujifungulia.

Mtoto anazaliwa, mkunga anamgeuza ili aandike jinsia, anakwama. Kinachoonekana ni kama uume mdogo, na chini yake ngozi iliyoungana mithili ya mfuko wa korodani, ila akipapasa hapati korodani hata moja. Hiyo ni dalili ya kushtua. Mtoto kama huyu akipimwa, mara nyingi kromosomu zake huwa XX kama za wasichana wengine, na ultrasaundi huonyesha mji wa mimba na ovari. Tezi ndogo zilizo juu ya figo zake zimekosa kimeng'enya kimoja cha kutengeneza homoni ya kortisoli. Ubongo ukiona kortisoli imepungua, unazisukuma tezi zifanye kazi zaidi, nazo zinaishia kumwaga androjeni, homoni za kiume, kwa wingi. Yote hayo yalianza akiwa tumboni, ndipo kinembe kikakua hivyo.

Hali hii, katika aina zake kali, humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000. Nimeichagua kati ya nyingi kwa sababu inaua. Wengi wa watoto hawa hushindwa pia kuhifadhi chumvi mwilini. Wiki ya kwanza anaweza kuonekana mzima. Kuanzia wiki ya pili anatapika, anakataa ziwa, uzito unashuka, na damu ikipimwa sodiamu iko chini na potasiamu iko juu. Asiye na habari atasema ni tumbo la kuhara au maambukizi. Kipimo kiitwacho 17-OHP hugundua tatizo, na haidrokotisoni, fludrokotisoni na chumvi kidogo humwokoa, ingawa dawa atazitumia maisha yake yote. Mahali ambapo watoto wachanga hawapimwi wote, wavulana wenye upungufu huohuo huwa hatarini zaidi, kwa kuwa maumbile yao ya nje hayamshtui mtu na wanaweza kufa kabla hawajagunduliwa.

Sasa mfikirie mama aliyeambiwa na majirani kwamba mtoto wa namna hii ni mambo ya "wale wa kubadilisha jinsia". Atamfunga kanga, atamficha, na hatarudi kliniki. Siku kumi za aibu zinatosha kumpoteza mtoto ambaye angetibiwa. Hapo ndipo mchanganyo huu wa maneno unaponiuma.

Si kila huntha hugunduliwa wodini, wala wengi wao hawako katika hatari ya kifo. Yuko msichana anayefika miaka 16 bila kuona hedhi, akapimwa na kukutwa na kromosomu XY kama za wavulana na korodani ndani ya tumbo, kwa sababu seli zake haziitikii androjeni hata kidogo. Yuko mwanamume mwenye kromosomu XXY, moja zaidi ya kawaida, anayejua hali yake pale tu anapotafuta sababu ya kukosa mtoto. Ukiwajumlisha wote, ni wangapi?

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu huntha 1,524 nchini Kenya, na ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika kuwahesabu katika sensa. Kati ya watu milioni 47.6, hiyo ni karibu mtu 1 kwa kila 31,000. Nimekuwa nikiirudia hesabu hii kwa muda, na kila nikiirudia naiona ndogo mno. Karani wa sensa alimuuliza mkuu wa nyumba, mara nyingi mbele ya wengine. Baba anayeficha hali ya mwanawe hata kwa shangazi zake hatamtajia karani. Na yule mwenye XXY asiyejijua angetajwa na nani?

Makadirio ya kitabibu ya watoto ambao maumbile yao ya nje humfanya mkunga asite ni kati ya 1 kwa 2,000 na 1 kwa 4,500. Tukishika hata hiyo ya chini, Kenya ingekuwa na zaidi ya watu 10,000. Kwa upande mwingine, asilimia 1.7 inayonukuliwa sana na watetezi ingetupa zaidi ya laki nane, nami nasita kuikubali pia. Ilitoka katika mapitio ya utafiti ya mwaka 2000, na karibu 1.5 ya hiyo 1.7 ni watu wenye aina nyepesi ya upungufu ule wa tezi, inayojitokeza ukubwani, ambao wengi mwili wao hauna utata wowote wa jinsia. Mwaka 2002 daktari Leonard Sax aliwaondoa hao na wengine kama wenye XXY, akabaki na asilimia 0.018. Kwa maoni yangu alikata mno, lakini hata kwa kisu chake Kenya ingekuwa na zaidi ya watu 8,000, mara tano ya walioandikwa.

Transjenda ni jambo jingine. Kwa kawaida amezaliwa na mwili ambao mkunga hakuwa na shaka nao, kisha akajitambua kuwa wa jinsia tofauti na ile iliyoandikwa. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha hilo. Anayejua ni yeye mwenyewe.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kesi mbili zinazoonyesha tofauti hiyo. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alitaka Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha KCSE na kuondoa alama ya jinsia, akashinda. Karibu miezi miwili baadaye ikaja hukumu ya Mtoto A, aliyezaliwa Hospitali ya Kenyatta mwaka 2009 na kuandikiwa alama ya kuuliza penye nafasi ya jinsia. Upande wake ulidai atambuliwe kisheria, na watoto kama yeye wasikatwe viungo bila mwongozo. Mmoja alikuwa mtu mzima anayejisemea. Mwingine hakuwa hata na umri wa kuelewa yale ambayo wengine wangemfanyia.

Watetezi wa transjenda wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema ukuta huu wa kuwatenganisha na huntha hutumiwa kuwatupa nje: huntha ahurumiwe kwa kuwa "Mungu ndiye aliyemuumba hivyo", wao walaumiwe. Hilo hutokea kweli, na ni dhuluma. Tena wapo huntha waliolelewa kama wasichana, wakakua wakajijua kuwa wanaume. Hao wana mguu pande zote mbili. Kusema hali mbili ni tofauti hakumpi mtu ruhusa ya kumdharau mmoja wao. Lakini wakiwekwa kapu moja, sheria ya kumlinda mtoto hukwama kwenye ubishi wa watu wazima.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemtaja mtoto huntha kwa jina na kukataza viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa isipokuwa kwa ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Upasuaji wa kupunguza kinembe ili mtoto "aonekane msichana" unaweza kumharibia hisia za maisha, na unaweza kusubiri hadi aamue mwenyewe. Haidrokotisoni haiwezi kusubiri hata siku moja, na sheria hiyo haimzuii daktari kumpa.