Wastani wa wiki au namba ya leo: mizani isomwe vipi?

"Nimepunguza chakula kwa wiki tatu sasa na ninajipima kila asubuhi. Jumatatu ya kwanza mizani ilisoma 82.4, leo Jumatatu inasoma 82.6. Mwenzangu ananiambia nisihangaike na namba ya siku, nichukue wastani wa wiki. Huko si kujifariji tu?"

Hapana, si kujifariji. Ila shaka yenyewe ina msingi, kwa sababu wastani nao una pahala unapopotosha, na wanaoupigia debe mara nyingi hawapataji. Bahati nzuri muulizaji aliandika kila kipimo, kwa hiyo tuna cha kushika mkononi. Kila mstari unaanza Jumatatu na kuishia Jumapili:

Wiki ya 1: 82.4, 83.1, 82.8, 82.5, 82.2, 82.7, 83.2
Wiki ya 2: 83.0, 82.6, 82.3, 82.0, 81.8, 82.0, 82.4
Wiki ya 3: 82.3, 82.0, 81.7, 81.5, 81.4, 81.9, 82.5

Jumlisha kila mstari, gawanya kwa saba, utapata 82.7, halafu 82.3, halafu 81.9. Mtu huyu anapungua, na anapungua kwa mwendo mzuri tu. Kilichomchanganya ni zile Jumatatu mbili alizozichagua. Ile ya kwanza ilikuwa ya pili kwa wepesi katika wiki yake. Hii ya leo imekuja baada ya wikendi, wakati ambapo uzito wake huwa juu, kama mistari yote mitatu inavyoonyesha. Amelinganisha bonde la mwanzo na kilima cha mwisho, akaona hajasogea.

Sasa tazama Ijumaa iliyopita, 81.4, na leo, 82.6. Ni kilo 1.2 ndani ya siku tatu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zinazokadiriwa kuwa 7,700, hivyo ili kilo 1.2 yote iwe mafuta angelazimika kula zaidi ya kalori 9,000 juu ya mahitaji yake, yaani ziada ya kalori 3,000 na kitu kila siku kwa siku tatu mfululizo. Hilo mtu angelijua bila kuulizwa. Kwa sehemu kubwa, kilichoongezeka ni maji na chakula ambacho bado kimo tumboni. Chumvi ikizidi, mwili hushika maji mpaka figo ziitoe. Wanga nao, ukiliwa kwa wingi baada ya siku kadhaa za kujinyima, huwekwa kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa pamoja na gramu zipatazo tatu za maji. Gramu 250 tu za glikojeni zikirudi mahali pake, mizani inapanda kilo nzima, na hakuna mafuta yaliyoongezeka hapo. Kukosa choo siku mbili au kufanya mazoezi mazito uliyokuwa umeyaacha kunaweza kuleta jambo lilelile.

Hapo ndipo wastani unapopata haki yake. Kupungua kwa mafuta katika mpango wa kawaida ni suala la gramu 50 au 60 kwa siku, wakati maji yanapanda na kushuka kwa gramu 500, 1,000, hata zaidi. Kipimo kimoja hakiwezi kukuonyesha kile kidogo kilichojificha ndani ya kile kikubwa. Vipimo saba vikichanganywa, mipando na mishuko mingi hufutana. Na saba si namba iliyookotwa tu. Watu wengi hula, hulala na hutembea tofauti mwishoni mwa wiki, na siku saba zinaibeba wikendi yote mara moja, bila kuizidisha wala kuiacha nje. Wastani wa siku tano au kumi hauna sifa hiyo, kwa sababu ule wa tano safari moja utabeba wikendi na safari nyingine utaikosa, na ule wa kumi safari nyingine utaibeba mara mbili.

Kutoka katikati ya wiki ya kwanza hadi katikati ya wiki ya tatu ni siku 14, na wastani umeshuka kilo 0.8. Tukiihesabu yote kuwa mafuta, ni pengo la kalori kama 440 kwa siku. Hiyo inaendana na mtu aliyepunguza chakula kwa kiasi, bila kujikomoa. Ningeikubali kwa tahadhari moja: siku za mwanzo za mpango wowote wa kupunguza wanga au chumvi huondoa maji pia, kwa hiyo mshuko wa kwanza mara nyingi hupendeza kuliko ukweli. Hapa dalili hiyo ni ndogo, kwa kuwa wiki ya pili hadi ya tatu nako kumeshuka 0.4, sawasawa na hatua iliyotangulia.

Tugeukie upande wa pili, ambao mimi nauchukulia kwa uzito.

Kosa la kwanza ni la siku zilizorukwa. Tuseme wiki ya pili muulizaji alijipima Alhamisi na Ijumaa tu. Wastani wake ungekuwa 81.9 badala ya 82.3. Angefurahi kwamba amepungua kilo 0.8 kwa wiki moja, kisha wiki ya tatu ingemletea 81.9 ileile na angeamua kwamba mpango umekwama, akate tena chakula. Mwili wake haukufanya lolote kati ya hayo mawili. Kurukaruka siku kunageuza wastani kuwa namba ya bahati nasibu yenye sura ya hesabu. Anayejipima siku za kazi tu, wiki zote, ana afadhali kuliko anayejipima anapojisikia: kwa namba hizi hizi, Jumatatu hadi Ijumaa pekee, wiki ya kwanza inatoa 82.6 na ya tatu 81.8, na tofauti inabaki ileile. Muhimu ni siku zilingane.

La pili ni ucheleweshaji. Wastani unaoufunga Jumapili unazungumzia Alhamisi, kwa maana ya katikati ya kipindi. Ukibadilisha mpango Jumatano, wiki hiyo ina siku za mpango wa zamani na za mpango mpya, na namba yake haifai kuhukumia mpango wowote kati ya hiyo miwili. Mtu anayerekebisha chakula kila baada ya siku nne hatapata kamwe wiki safi ya kusoma.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Wastani wa siku saba hufuta mawimbi mafupi kuliko siku saba. Wimbi la wiki nne linapita ndani yake bila kuguswa. Wanawake wengi hushika maji katika siku zinazotangulia hedhi, kwa baadhi yao kilo moja au zaidi, kisha yanatoka hedhi ikishaanza. Chukua mwanamke anayepungua mafuta kilo 0.4 kila wiki bila kukosa. Wiki mbili wastani wake unashuka vizuri. Wiki ya tatu maji yanaongeza kilo moja, na wastani unapanda 0.6. Hakukosea chochote, hakudokoa chochote, lakini ushauri wa "amini wastani" unamwambia anenepa. Wiki ya nne maji yakitoka, wastani unaporomoka 1.4, naye anaisifu ile siku ya njaa aliyojiongezea kwa hofu. Nimeona watu wakiacha mipango iliyokuwa ikiwafaa kwa sababu hii tu, na inaniuma kwa kuwa dawa yake ni nyepesi: wiki ya kabla ya hedhi ilinganishwe na wiki ya kabla ya hedhi ya mzunguko uliopita. Kwa mfano huu angeona kilo 1.6 zimepungua, bila kubahatisha. Ambaye mzunguko wake haueleweki itabidi asubiri miezi miwili au mitatu na asome mwelekeo mpana, huku akipima kiuno kwa utepe.

Na ndiyo, njia ya kujidanganya kwa wastani ipo. Ni kusema kila mwisho wa wiki, "hayo ni maji, tuone wiki ijayo," bila kuweka ukomo. Maji hupanda na kushuka. Hayapandi mwezi baada ya mwezi kwa mtu mwenye afya anayekula vilevile. Ndiyo maana naona tarehe ya hukumu iwekwe kabla, siyo baada ya kuona namba. Kwa mtu asiye na mzunguko wa hedhi, wiki nne kamili zinatosha. Tofauti ya 0.1 au 0.2 kati ya wiki mbili siihesabu kuwa kitu, kwa sababu maji ya siku moja huendelea hadi ya pili na ya tatu, na hivyo vipimo saba havifutani kikamilifu kama hesabu za darasani zinavyotarajia. Lakini wastani wa wiki nne ukikaa pale pale, na siku hazikurukwa, na chakula hakikubadilishwa katikati, hapo mpango haufanyi kazi. Kupunguza kalori 200 hivi kwa siku na kuanza kuhesabu upya ni hatua ya busara. Anayeanza kunyanyua vyuma apime kiuno kwanza, maana misuli na maji yake vinaweza kufunika mafuta yanayoondoka.

Namba ya siku nayo haifai kutupwa. Mtu mwenye moyo uliodhoofika huagizwa ajipime kila asubuhi kwa sababu maji yanayojaa haraka ndiyo hatari yenyewe. Kwake kupanda kilo moja na nusu au mbili ndani ya siku chache ni sababu ya kumpigia daktari simu siku hiyohiyo, na wastani ungemchelewesha. Kinyume chake, ambaye namba ya asubuhi humharibia siku nzima, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa ulaji, asilazimishwe vipimo saba ili kupata wastani mzuri. Kiuno na nguo zake vitamwambia, ingawa polepole zaidi.

Kwa muulizaji wetu, namba 82.6 ya leo ni ya kwanza kati ya saba za wiki ya nne. Aiandike, asile chini ya alivyopanga kwa ajili yake, ajipime kesho baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote, kwenye mizani ileile na sakafu ileile. Jumapili atakuwa na wastani wa nne. Ukiangukia karibu na 81.5, mwendo ni uleule. Ukibaki 81.9, bado si ushahidi wa kukwama. Aongeze wiki mbili, zitimie nne zenye wastani uleule, na huo ndio ukomo.