Tuisheni ya mtandaoni: kazi iko kwenye kusahihisha

"Rekodi mara moja, uza daima." Mwalimu anayetaka kufungua tuisheni ya mtandaoni kwa watahiniwa huusikia ushauri huu kabla hata hajaamua atafundisha somo gani.

Si ushauri wa kijinga. Saa za mtu zina kikomo, video haichoki. Mwalimu akiugua, kozi yake inaendelea kuuzwa, na mwanafunzi anaweza kurudia kipande kigumu usiku wa manane bila kumwonea haya mtu. Anayefundisha kikundi kidogo moja kwa moja huonekana kama aliyehamishia ubao wake kwenye skrini akabaki na uchovu ule ule. Ila hukumu hiyo inachukulia kwamba wote wawili wanauza maelezo. Maelezo mtahiniwa anayo tayari: yamo kitabuni, shuleni, na kwenye video zisizo na malipo. Anachokosa ni mtu wa kukaa na karatasi yake ya majibu na kumwonyesha alama zilipotelea.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa hisabati aliyepata 41 kati ya 100 katika mtihani wa majaribio. Mzazi wake anasema mtoto "hajui hesabu". Mwalimu anaipitia karatasi swali kwa swali, akiwa na mwongozo wa kusahihisha, na kila alama iliyopotea anaiandikia sababu. Tuseme anakuta hivi: alama 19 zimepotea kwa kutojua mada, 14 kwa kujibu kitu ambacho swali halikuuliza, 16 kwa maswali ya mwisho yaliyoachwa wazi, na 10 kwa makosa ya kukokotoa. Kwa hiyo kati ya alama 59 zilizopotea, 30 hazihusiani kabisa na kujua au kutojua mada. Zilipotea kwenye usomaji wa swali na kwenye saa.

Video nzuri kuliko zote kuhusu mada ile ingegusa zile 19 tu. Zilizobaki zina dawa nyingine. Mtihani ukiwa wa dakika 150 na alama 100, kila alama ina dakika moja na nusu, basi swali la alama 6 linastahili dakika 9. Mwanafunzi huyu alilikalia dakika 25, na mwalimu asingelijua hilo kama asingemwagiza aandike pembeni saa aliyoanza kila swali. Kwenye usomaji, anafundishwa kupigia mstari kitenzi cha swali: "thibitisha" haitaki jibu peke yake, inataka hatua. Haya ni mambo madogo, na karibu kila kitabu cha mazoezi huyasema. Ugumu ni kumjua nani anahitaji lipi, na hilo halijulikani mpaka karatasi isomwe.

Wanaotetea kurekodi hujibu kwamba mwanafunzi akilipa, atajituma mwenyewe. Wana takwimu ya kuegemea. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente kuhusu kozi za Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza kozi walikuwa takriban asilimia 3 ya washiriki wote. Lakini miongoni mwa waliolipia cheti kilichothibitishwa, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Kutoka 3 hadi 46 ni mruko mkubwa, na muuzaji wa kozi ana haki ya kuuonyesha.

Mimi takwimu hiyo hunisumbua kwa upande wake wa pili. Kwanza, anayetoa pesa mara nyingi ni yule aliyekwisha kuamua kumaliza, kwa hiyo hatuwezi kusema ada ndiyo iliyomfikisha mwisho. Pili, hawa walikuwa wamelipa, masomo yametoka vyuo ambavyo mwalimu mmoja nyumbani hawezi kushindana navyo, na mwishoni kuna cheti. Bado zaidi ya nusu hawakufika. Kwa anayejifunza kwa kupenda tu, kuishia katikati si hasara kubwa. Huenda alichotaka kilikuwa somo la pili, akakipata. Mtahiniwa hana nafasi hiyo, maana tarehe ya mtihani haimsubiri. Mwenye kozi ya kurekodi hulipwa sawa, somo litazamwe lisitazamwe, na asipofuatilia hatajua mwanafunzi alipotea wiki gani. Mwalimu anayesahihisha hujua Ijumaa ile ile: karatasi haijaja.

Sasa gharama, ambako watetezi wa vikundi vidogo hujidanganya wenyewe. Chukua wanafunzi 8. Kipindi cha pamoja ni dakika 90 kwa wiki, maandalizi 60, kusahihisha dakika 25 kwa kila karatasi, jumla 200, na kujibu ujumbe dakika 10 kwa kila mmoja, yaani 80. Ni dakika 430, zaidi kidogo ya saa 7. Wengi hupanga ada kwa kuangalia zile dakika 90 peke yake, wakashangaa kwa nini mwezi wa pili wamechoka na hawana kitu. Wameuza karibu saa 5 kwa malipo ya saa 1. Wakiongeza wanafunzi hadi 20, kipindi na maandalizi havibadiliki, lakini kusahihisha na ujumbe hupanda hadi dakika 700, na wiki nzima inafika saa 14 na dakika 10. Kinachofuata kinatabirika: masahihisho yanageuka kuwa alama ya vema na neno "jitahidi". Mwanafunzi anakuwa analipia kusahihishwa na kupewa kitu kisichomzidi video.

Kwa hiyo kikomo cha kikundi kipangwe kwa saa za kusahihisha, na ada itokane na dakika zote 430. Ada hiyo itakuwa kubwa kuliko ya kozi ya kurekodi, na wapo watakaoshindwa kuimudu. Hapo upande wa kurekodi una hoja ambayo sina jibu lake kamili.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kujisifia matokeo. Watu hutafuta tuisheni baada ya kufanya vibaya kuliko kawaida yao, na mtihani unaofuata mara nyingi ungepanda kidogo hata bila msaada. Kupanda kwa alama peke yake hakuthibitishi kazi ya mwalimu. Ushahidi ulio bora ni daftari la makosa: kama zile alama 16 za maswali yaliyoachwa wazi zimeshuka hadi 4 katika karatasi tatu mfululizo, hapo kuna kitu kimefanyika. Kama jumla imepanda lakini makosa ni yale yale, huenda karatasi ilikuwa rahisi. Ndiyo maana pia kuahidi daraja fulani kwenye tangazo ni kuuza usichokimiliki.

Daftari hilo hilo ndilo linaloonyesha kipi kirekodiwe. Kosa likijirudia kwa wanafunzi 6 kati ya 8, kulieleza mara 6 ni kupoteza muda. Litengenezewe video ya dakika 7, na anayelifanya atumiwe pamoja na karatasi yake. Asiyependa kusahihisha, nao wapo walimu wazuri wa namna hiyo, auze video zake bila aibu, mradi aandike kwenye tangazo kwamba hakuna atakayesoma majibu ya mwanafunzi.